Yah: Kupotea kwa kitabu cha ufugaji wa samaki kwa vizimba, namba ya usajili 14682

Kirumba,
Manispaa ya Ilemela,
Mwanza.

9 Aprili 2025

Mkutubi wa Mkoa,
Maktaba ya Mkoa,
Mwanza.

Ndugu Mkutubi,

Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanachama wenu mwenye kadi namba 2317. Tarehe 18 Machi niliazima kitabu hicho, chenye jalada la kijani, nikitakiwa kukirudisha tarehe 3 Aprili. Kimepotea pamoja na begi langu.

Jumamosi ya tarehe 29 Machi nilikuwa natoka Nansio, Ukerewe, nilikokwenda kumsaidia baba mdogo kupiga hesabu ya chakula cha sato wake wa kwenye vizimba. Melini mizigo yote ilirundikwa pamoja, na begi langu jeusi likawa kati ya magunia ya dagaa. Tulipofika Mwanza watu walishuka kwa kusukumana. Nilipofikia mizigo nikakuta begi jeusi linalofanana kabisa na langu, lakini ndani mna kanga mbili na udaga. Mwenye udaga wake hajajitokeza mpaka leo. Begi hilo nimelikabidhi kwa karani wa gatini na kumwachia namba yangu, kisha nikatoa taarifa polisi. Nakala ya taarifa ya upotevu nimeiambatanisha.

Niko tayari kununua kitabu kingine au kulipa thamani yake, kwa jinsi taratibu zenu zinavyoelekeza. Kama uamuzi ungekuwa wangu, ningenunua. Pesa itaingia kwenye akaunti na rafu itabaki na pengo, ilhali najua wapo wanaokisubiri. Ukurasa wa jedwali la chakula ulikuwa umeshalegea kwa kufunuliwa. Duka moja la vitabu mjini wanaweza kukiagiza kwa shilingi 32,000, ila ni chapa mpya zaidi ya ile yenu. Naomba mnijulishe kama mtaipokea, kabla sijatoa pesa ya oda.

Mkiona malipo ndiyo yanafaa, naomba mnipe kiasi pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo, nami nitalipa ndani ya wiki moja. Faini ya kuchelewesha nitailipa pia. Ombi langu ni kwamba ihesabiwe mwisho tarehe ya barua hii, isiendelee kupanda wakati suala linashughulikiwa.

Begi likipatikana baadaye, nitawaletea kitabu chenu hata kama nitakuwa nimeshalipa, na sitadai kurudishiwa chochote. Kina muhuri wa maktaba ukurasa wa kwanza, hivyo huenda aliyelichukua akakileta moja kwa moja kwenu. Ikitokea hivyo, tafadhali mwulizeni na daftari langu la hesabu, maana baba mdogo bado ananidai majibu.

Napatikana kwa namba ya simu iliyo kwenye fomu yangu ya uanachama.

Wako mwaminifu,

Kulwa Masanja
Mwanachama, kadi namba 2317

Kiambatisho: Nakala ya taarifa ya upotevu