Barua ya Usuluhishi kwa Ndugu Salim na Ndugu Hamadi Kuhusu Mirathi ya Marehemu Baba Yao, Mzee Bakari

Pangani Mjini
29 Septemba 2025

Kwa Ndugu Salim Bakari,
Kwa Ndugu Hamadi Bakari,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu, barua hii inachukua nafasi ya ile niliyowapelekea mwanzoni mwa mwezi huu, na naomba ile ya kwanza isisomwe wala kunukuliwa tena katika shauri hili. Baada ya kuisikiliza kwa kirefu hoja ya kila mmoja wenu, nimeyapanga upya madai yote kwa kipimo kimoja: ninachomtaka mmoja athibitishe, na mwenzake nimemtaka athibitishe. Majina yenu nimeyatanguliza kwa kufuata umri tu. Nakala mlizopokea hazitofautiani hata kwa neno moja, na nakala nyingine mbili nimewapa mama yenu, Bi. Zaina, na dada yenu Mwanaidi, kwa sababu nao ni warithi.

Naanza na jambo hilo la warithi, maana katika mazungumzo yetu kila mmoja alikuwa akisema "mimi na mwenzangu" kana kwamba mali ya Mzee ina wenyewe wawili. Mmekubaliana mbele yangu kwamba mirathi hii igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, na wazazi wake walitangulia mbele ya haki zamani. Mama yenu ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane, na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ukiigawa mali yote mafungu arobaini, mama anachukua matano, Salim kumi na manne, Hamadi kumi na manne, na Mwanaidi saba. Tuseme kwa mfano tu kwamba baada ya gharama za maziko na madeni mali imebaki ya shilingi milioni 40: mama atapata milioni 5, kila mmoja wenu milioni 14, na Mwanaidi milioni 7. Kwa hiyo hakuna kati yenu mwenye nusu, na hakuna anayemzidi mwenzake hata fungu moja kwa sababu ya kuzaliwa mbele, kuzaliwa nyuma, kukaa Pangani au kukaa Maskati. Ziada yoyote juu ya mafungu hayo lazima iwe na sababu yake, nayo ionyeshwe.

Sasa niyaeleze madai kama nilivyoyasikia, na anayeona sikumnukuu vizuri anisahihishe kabla ya kikao.

Ndugu Salim anasema kwamba shamba la minazi la Bweni alipewa na Mzee akiwa hai. Kwamba ndiye aliyelipalilia, kulipandia miche mipya na kulipa wakwezi kwa miaka mingi. Na kwamba vyumba viwili vya uani katika nyumba ya mjini alivijenga kwa fedha zake mwaka 2017. Anasema pia kwamba katika ugonjwa wa Mzee, yeye na mkewe ndio waliokesha naye, na kwamba anaumia kuona kazi hiyo inahesabiwa si kitu kwa kuwa haina risiti.

Ndugu Hamadi anasema kwamba habari ya shamba kutolewa zawadi hakuisikia kwa Mzee wala kwa mama hadi siku ya hitma. Kwamba bati jipya la nyumba nzima na kisima vilitokana na fedha alizotuma kutoka Maskati mwaka 2015. Na kwamba gharama za hospitali, kwa sehemu kubwa, zilitoka kwake. Anasema pia kwamba kuwa mbali hakukuwa starehe, na kwamba anaumia kuona miaka yake ya kazi inatajwa kana kwamba aliwakimbia wazazi.

Nimewatazama nyote wawili mkisema hayo, na sina shaka kwamba kila mmoja alimtumikia baba yake kwa kadiri ya alichokuwa nacho mkononi. Mmoja alikuwa na muda, mwingine alikuwa na fedha, na Mzee alivihitaji vyote viwili. Sitapima kipi kilikuwa kizito zaidi, kwa sababu sheria ya mirathi haipimi hivyo, na mimi sina haki ya kupima.

Kuhusu shamba la Bweni, swali ni moja: Mzee alisema nini hasa, na alisema lini? Kama alisema akiwa na afya na akili timamu, "Salim, shamba hili nimekupa," Salim akakubali na akakabidhiwa likawa mikononi mwake kama mwenyewe, hiyo ni hiba, na shamba limetoka katika mirathi. Kama alisema, "Nikifa, shamba ni la Salim," huo ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake wakiuridhia baada ya kifo. Kama hakusema lolote kati ya hayo, shamba ni mali ya mirathi na linaingia katika mafungu arobaini. Kule kuvuna peke yake hakumalizi ubishi, maana anayevuna huweza kuwa mwenye shamba na huweza kuwa msimamizi wa shamba la baba yake. Salim mwenyewe amenieleza kwamba kila alipouza mbata alimvukia Mzee na sehemu ya fedha kwa pantoni. Yeye anaiona kuwa hisani ya mtoto kwa baba, na Hamadi anaiona kuwa dalili kwamba shamba lilikuwa bado la baba. Maelezo yote mawili yanawezekana. Ndiyo maana namwomba Salim awalete mashahidi walioyasikia maneno ya Mzee kwa masikio yao, na namwomba Hamadi naye awalete anaoamini kwamba walimsikia Mzee akisema kinyume. Watasikilizwa nyote mkiwepo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna shahidi atakayenijia nyumbani kwa siri. Aliyekwisha kunijia nimemwambia ayarudie maneno yake kikaoni.

Kuhusu vyumba vya uani, bati na kisima, kipimo ni kilekile kwa wote wawili. Alichotoa mtoto kwa ajili ya wazazi wake bila kuweka sharti la kurudishiwa ni wema ambao malipo yake yako kwa Mola, na haukatwi katika mirathi. Lakini kama kulikuwa na makubaliano kwamba fedha ile ni mkopo, basi ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa fungu lake. Salim ana risiti za saruji na mbao, na Hamadi ana karatasi za kutuma fedha. Nimeziona zote na sizitilii mashaka. Zinathibitisha kwamba fedha zilitolewa, ila hazisemi kama zilitolewa kwa mkopo au kwa wema, na hilo kila mmoja atalijibu kwa upande wake. Iwapo mtakubaliana kuyaacha yote mawili, nyumba itathaminiwa kama ilivyo leo, pamoja na vyumba, bati na kisima. Iwapo mmoja atadai, mwenzake naye ana haki ya kudai kwa utaratibu uleule.

Kuna vitu ambavyo kila mmoja anavishikilia kwa sasa, navyo ndivyo vinavyochochea maneno mjini kuliko shamba lenyewe. Kodi ya chumba cha mbele chenye duka, shilingi 60,000 kwa mwezi, imekuwa ikipokelewa na Salim tangu Mzee afariki. Hati ya nyumba na mashine ya boti viko kwa Hamadi. Simwiti yeyote mporaji, kwa kuwa kila mmoja ameniambia anavitunza visipotee, na nimepokea kauli zao. Ila mali ya mirathi haina mtunzaji aliyejiteua. Napendekeza kwamba siku ya kikao, saa ileile, Salim akabidhi hesabu ya kodi pamoja na fedha iliyobaki, na Hamadi akabidhi hati na mashine, vyote viandikwe na vikae kwa mama yenu mpaka msimamizi apatikane. Asiwepo wa kutangulia na wa kungoja.

Msimamizi wa mirathi hamjamteua, na bila yeye mnazunguka tu. Nimesikia mmoja wenu anataka kwenda Baraza la Ardhi na mwingine anataka kumwuzia mtu sehemu ya shamba. Kwa hali ilivyo hamwezi lolote kati ya hayo mawili: mwenye mamlaka ya kushtaki au kuuza kwa niaba ya mali ya marehemu ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Utaratibu ni familia kukaa, kumpendekeza mtu, kuandika muhtasari wenye sahihi za warithi wote, kisha kuupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa, atakusanya mali, atalipa madeni, atagawa, na atairudishia mahakama orodha na hesabu yake. Usimamizi hauongezi fungu la mtu. Nasema hivi kwa sababu kila mmoja wenu ameniomba nimuunge mkono awe yeye, na jibu langu kwa wote wawili ni kwamba sitamuunga mkono yeyote peke yake. Mnaweza kuteuliwa wawili kwa pamoja, au mkamteua Mwanaidi, ambaye sheria haimzuii hata kidogo na ambaye, kwa nilivyomsikia, hana ugomvi na yeyote kati yenu. Chaguo ni la warithi wanne.

Maneno yaliyotamkwa siku ya hitma, mbele ya wageni, sitayarudia hapa. Kila mmoja alitamka na kila mmoja alitamkiwa, na mama yenu aliyasikia yote akiwa ndani ya eda. Naomba mkifika kikaoni kila mmoja aanze kwa kumwomba mama radhi, na tusiulizane nani alianza.

Kikao kitafanyika Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwangu na si katika nyumba ya urithi. Kila mmoja aje na mashahidi wake na karatasi zake, na asimlete mtu wa kumsemea. Nitampa kila mmoja nafasi ya kusema bila kukatizwa, kisha nafasi sawa ya kumjibu mwenzake. Kazi yangu ni kuwasaidia mkubaliane, na sina mamlaka ya kuwahukumu. Msipokubaliana juu ya jambo lolote, nitaliandika kama lilivyo, bila maoni yangu, ili mahakama iliamue.

Hadi siku hiyo nawaomba wote wawili: minazi ya Bweni isiangushwe kwa ajili ya kuuzwa, mpangaji wa duka asibadilishwe, mashine ya boti isitoke ilipo, na pasiwe na mnunuzi wa kuonyeshwa mpaka wa shamba. Anayeridhia masharti haya aweke sahihi chini ya nakala yake na kuirudisha kwangu kabla ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba.

Wassalaam,

Mwalimu Idi
Msuluhishi

Nakala: Bi. Zaina, mjane wa marehemu, Bi. Mwanaidi Bakari, binti wa marehemu.