Barua ya Shukrani kwa Mwalimu Idrisa Baada ya Mitihani ya Mwisho ya Uhasibu

Mwalimu Idrisa,

Shikamoo. Matokeo yalitoka jana jioni na nimefaulu karatasi zote mbili zilizokuwa zimebaki, ile ya taarifa za fedha na ile ya ukaguzi, kwa hiyo mitihani ya uhasibu kwangu imekwisha. Nilipokupigia simu nilisema asante mara nyingi bila kusema ni asante ya nini, na ndiyo sababu naandika.

Kubwa zaidi ni swali ulilonizoesha kuuliza kabla sijagusa kikokotoo: mteja ameahidiwa nini? Nilipokuja kwako nilikuwa nimekwisha kuzikariri hatua 5 za kutambua mapato chini ya kiwango cha IFRS 15, lakini nikipewa mkataba wenyewe sikujua pa kuanzia. Ukachukua karatasi, ukaandika kwamba kampuni imeuza mashine pamoja na huduma ya matengenezo ya miaka 2 kwa jumla ya 1,000, wakati mashine peke yake huuzwa 900 na huduma peke yake 300, kisha ukanyamaza. Ulinyamaza muda mrefu, na nakiri kwamba wakati ule nilikereka. Nikaja kuona mwenyewe kwamba ahadi ni mbili, kwamba bei inagawanywa kwa uwiano wa bei hizo, yaani 750 kwa mashine na 250 kwa huduma, na kwamba zile 750 ni mapato pale mteja anapokabidhiwa mashine, ilhali 250 zinaingia kidogo kidogo kadiri huduma inavyotolewa. Swali la mtihani lilikuwa refu kuliko hilo na limejaa maelezo ya kupoteza njia, lakini nilianza kwa kuorodhesha ahadi pembeni mwa ukurasa, na hesabu zikafuata zenyewe.

Kwenye ukaguzi, kilichonisaidia ni penseli yako. Kila nilipoandika kwamba mkaguzi apate ushahidi wa kutosha, majibu yalirudi yakiwa na maneno yale yale pembeni: "Upi? Kutoka kwa nani?" Kutokana na hayo niliacha kuandika tu kwamba salio la wadaiwa lithibitishwe, nikaanza kueleza kazi yenyewe: kwamba tunachagua wadaiwa, tunatuma barua sisi wenyewe na majibu yanakuja kwetu moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa kampuni, na kwamba asiyejibu tunatafuta malipo yake yaliyoingia benki baada ya mwisho wa mwaka, pamoja na hati za kupokelea mzigo zilizotiwa saini. Najua ilikuchukua muda kusoma majibu hayo, kwa sababu mengi ulikuwa unayarudisha asubuhi kabla ya kazi kuanza.

Ulinifundisha pia kugawa muda kwa alama: mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unatoa dakika 1.8 kwa kila alama, hivyo swali la alama 20 lina dakika 36 na zikiisha ninahama, hata kama sentensi haijakamilika. Kanuni hiyo niliifuata bila huruma.

Sikufuata kila ulichoshauri, na ni haki ulijue hilo. Uliniambia nisome peke yangu kwa sababu vikundi huishia kwenye mazungumzo, lakini mimi niliendelea na kikundi chetu, na hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu nilizielewa hasa pale nilipolazimika kuwaeleza wenzangu kwa nini mauzo ya ndani ya kundi yanaondolewa, na faida iliyobaki ndani ya bidhaa ambazo hazijauzwa nje nayo inaondolewa. Pengine kwa mtu mwingine ushauri wako ungefaa zaidi.

Jambo moja hukulisema kamwe, nikalisikia kwa wengine: kwamba wakati wa kufunga hesabu za mwaka uliomba faili langu kubwa lipewe mtu mwingine ili nipate wiki za kusoma, na sehemu ya kazi hiyo ukaifanya wewe. Bila nafasi ile karatasi ya ukaguzi ningeisukuma hadi msimu unaofuata. Aliyelipokea faili nimemshukuru pia.

Kilichobaki sasa ni maombi ya uanachama. Kumbukumbu zangu za mafunzo kazini zinahitaji saini ya msimamizi kwa kila eneo la kazi, na nimezipanga kwa tarehe, nikaambatanisha orodha ya kazi nilizofanya chini yako ili usilazimike kutegemea kumbukumbu. Naomba uzisome kwa penseli ile ile, na penye maelezo yanayozidi kazi niliyoifanya kweli, uyakate kabla ya kutia saini. Nitakuletea Jumatatu, pamoja na daftari lako la mifano, ambalo mwenzetu mmoja anayeingia msimu ujao ameniomba nikuulize kama anaweza kuliazima.

Wako,
Salma