Hotuba ya Bwana Harusi Kuijibu Familia ya Bibi Harusi

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena!

Mshereheshaji, naomba nisimame kwenye itifaki uliyokwisha kuitaja. Wazazi wangu wa pande zote mbili, shikamooni. Ndugu, jamaa na marafiki, habari za jioni.

Baba mdogo, nimekusikia. Ulipoinua glasi kututakia heri, nilijua unasema kwa niaba ya kaka yako. Baba yake Neema hatunaye leo. Angekuwepo, glasi ile angeishika yeye. Tangu alipotangulia, wewe ndiye uliyesimama mahali pake, kwenye ada, kwenye ugonjwa, na siku ile mshenga wetu alipobisha hodi kwenu. Kwa hiyo nakujibu kama mkwe anavyomjibu baba mkwe wake.

Umesema hamkumuuza binti yenu, mmetupatia. Tumelipokea neno hilo. Mbege, mbuzi na blanketi la bibi tulivyovipandisha Marangu vilikuwa heshima tu. Hakuna mtu wa kwetu Muheza anayedhani kwa vile vitu tumemaliza deni.

Na deni kubwa kuliko yote ni la Mama. Mama, mara ya kwanza nilipofika nyumbani nilikukuta kwenye kichanja, umeanika kahawa, unachambua punje mbovu moja moja. Neema alikuwa ametoka safari, na gauni la safari mwilini, lakini aliweka begi chini, akasimama upande wa pili wa kichanja, akaanza kuchambua. Hamkuambizana kitu. Mikono yenu ilikuwa inakwenda sawasawa, ya mama na ya mtoto. Baadaye akaniambia kwamba kahawa ya kihamba hicho ndiyo iliyomsomesha mpaka akawa nesi, na kwamba kuna misimu bei ilianguka, ukauza ndizi sokoni ili mtoto asirudishwe nyumbani kutoka shule. Mama, yale niliyoyapenda kwa Neema, ule utulivu wake na kutoogopa kazi, siku ile niliona yametoka wapi. Asante sana, Mama. Aika.

Baba mdogo, umenishikisha jani la isale mbele ya watu wote, ukasema tukikwaruzana nisisubiri jua lichwe mara mbili. Sisi watu wa Bonde hatukukulia na isale uani, lakini wazee wa hapa wamenieleza uzito wake: likishaletwa jani hilo, aliyekosewa hana budi kusikiliza. Nakuomba kitu kimoja. Tukija Desemba, unikatie mche, nikaupande kwetu Tanga, karibu na mlango. Nataka watoto wetu, Mungu akitujalia, wakue wanauona na kujua maana yake.

Najua pia kuna jambo ambalo shangazi walikuwa wananong'ona, kwamba Tanga ni mbali. Shangazi zangu, hofu hiyo ni ya haki, maana mnamtoa mtoto aliyezoea kuwa karibu. Lakini njia ya kutoka kwetu inajulikana: Segera, Korogwe, Mombo, Same, Himo, halafu unapandisha. Babu yangu aliyefanya kazi reli alikuwa akisema Tanga na Moshi ni jirani tangu enzi za Wajerumani, treni ilipofika huku. Mke wangu hatazuiwa kuja kwao. Mama akiugua, hatahitaji kuomba ruhusa, nitakuwa nimeshakata tiketi mbili. Msimu wa kuchuma kahawa ukifika na mikono ikapungua, mtupigie simu. Nanyi mkija Muheza, msimu wa machungwa au usiwe msimu, mlango ni wenu.

Baba na mama yangu mliopo hapa mbele, mmenilea, mkanifundisha kunyamaza mkubwa anaposema na kutimiza nilichoahidi. Kwa Neema nitayafanya hayo yote mawili.

Kamati ya harusi, mmechoka kwa ajili yetu kwa miezi mingi. Mungu awalipe pale mlipopungukiwa.

Neema, mke wangu, nimeahidi kanisani mchana, nami narudia mbele ya ukoo wako: nitakusikiliza, nitakutunza, na jina la baba yako litatajwa kwa heshima nyumbani kwetu.

Sasa nawaomba upande wote wa bwana harusi, kuanzia wazee mpaka vijana kule nyuma, tusimame. Shikeni glasi zenu. Tunamtakia Mama afya njema na maisha marefu. Tunamtakia Baba mdogo nguvu, yeye na nyumba yake. Tunautakia heri ukoo wote wa Marangu uliotukabidhi binti yao.

Kwa heri na afya ya wakwe zetu!

Asanteni sana.