YAH: Kupunguza idadi ya barua pepe zinazotumwa na kukaza masharti ya uthibitisho

Arusha, 2 Machi 2026

Ndugu wateja wetu,

Kuanzia Jumatatu tarehe 16 Machi, kila sanduku la barua pepe lililo kwenye seva yetu litaweza kutuma barua 100 kwa saa badala ya 500 za sasa, na domeini nzima haitavuka barua 1,000 kwa siku. Tunahesabu wapokeaji: barua moja yenye watu 60 kwenye BCC ni barua 60. Kisha kuanzia Jumatatu tarehe 13 Aprili, barua isiyo na uthibitisho wa domeini yake haitatoka kabisa kwenye seva. Hatua hii ya pili tumeisogeza makusudi ili Idi na Pasaka zipite kwanza.

Najua wapo watakaosumbuka, na mna haki ya kuelezwa kilichotufikisha hapa.

Mwezi Januari, saa nane usiku, mtu tusiyemjua aliingia kwenye sanduku la mteja wetu mmoja. Nenosiri lake lilikuwa jina la ofisi na mwaka, basi. Nilipoamka saa kumi na moja alfajiri kukagua seva, barua 1,500 zilikuwa zimeshatoka na nyingine zaidi ya 9,000 zimejipanga kwenye foleni, zote zikiwatisha watu wasiojulikana kwamba akaunti zao za benki zinafungwa. Nilibadilisha nenosiri na kuifuta foleni, lakini hizo 1,500 hazikurudi. Kufikia mchana, anwani ya IP ya seva yetu ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya watumaji wa barua taka.

Anwani hiyo mnaitumia wote. Siku ya tatu alikuja ofisini dada mmoja wa kampuni ya utalii, akanionyesha simu yake. Alikuwa ametuma bei ya safari ya Serengeti kwa familia ya watu wanane wa Ujerumani, na barua ikamrudia ikiwa na mistari mitano ya Kiingereza cha kompyuta. Wale wageni walidhani wamepuuzwa, wakaweka nafasi kwingine. Akaniuliza, "Kaka, mimi nimekosa nini?" Hakuwa amekosa chochote. Ilituchukua siku tisa kulisafisha jina la seva, na zile siku tisa ziliwagharimu watu ambao hawakuwa na hatia.

Kikomo cha 500 tulikiweka sisi wenyewe, na kilikuwa kikubwa mno. Kingekuwa 100, zingetoka barua 300 tu kabla sijaamka. Kuanzia sasa pia, sanduku likigonga kikomo chake, simu yangu italia hata kama ni usiku wa manane.

Sababu ya pili iko nje ya ofisi yetu. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo hawapokei tena barua kwa imani tu. Kwa Gmail, kila mtumaji lazima awe na SPF au DKIM, aina za uthibitisho ninazozieleza hapa chini. Anayewatumia barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na zote mbili, pamoja na DMARC, na barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Wapokeaji wakilalamika kwamba barua zako ni taka, malalamiko hayo hayatakiwi kufika asilimia 0.3. Outlook nao walifuata mkondo huo Mei 2025 kwa watumaji wakubwa. Hakuna hata mmoja wenu anayefika 5,000 kwa siku, lakini barua isiyo na uthibitisho hukataliwa hata ikiwa moja. Mkiona barua imerudi na namba `550-5.7.26`, maana yake ni hiyo.

Uthibitisho wenyewe ni kitu mnachokijua. Ukienda kufungua akaunti benki na barua ya utambulisho isiyo na muhuri wa serikali ya mtaa, utarudishwa, hata kama kila kilichoandikwa ni kweli. Barua pepe iliundwa bila muhuri: mpaka leo mtu yeyote anaweza kuandika kwamba barua yake imetoka kwenye domeini yako. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. DKIM ndiyo muhuri, tena muhuri unaoonyesha kama barua imechezewa njiani. DMARC humwelekeza mpokeaji la kufanya akikutana na barua isiyopita ukaguzi huo.

Wenye DNS kwetu, yaani ambao rekodi za domeini zao tunazitunza sisi, hawana la kufanya hapa. Rekodi zote tatu tutaziweka wenyewe, bila malipo, kabla ya tarehe 16. Wale ambao DNS yao iko kwingine tutawaandikia mmoja mmoja na kuwapa rekodi za kubandika. Ya DMARC tutaanza nayo kwa upole hivi:

```
_dmarc   TXT   "v=DMARC1; p=none"
```

Ombi moja tu: domeini iwe na rekodi moja ya SPF. Nimeshakuta domeini zenye mbili, kila fundi aliyepita ameongeza ya kwake, na zikiwa mbili hesabu yake ni sawa na kutokuwa nayo. Kama kuna programu ya uhasibu au huduma ya matangazo inayotuma kwa jina lenu, tuambieni sasa tuiingize kwenye rekodi hiyo hiyo.

Jambo litakalowagusa wengi zaidi ni fomu za mawasiliano kwenye tovuti. Fomu nyingi za WordPress huandika anwani ya mgeni kwenye `From`, yaani seva yetu inatuma barua ikidai imetoka Gmail ya mgeni. Barua ya namna hiyo haitapita. `From` iwe anwani ya domeini yenu, ya mgeni ikae kwenye `Reply-To`, na tovuti iingie kwa SMTP yenye jina na nenosiri. Vivyo hivyo mashine za kunakili zinazotuma nyaraka kwa barua pepe: zile zilizowekwa mlango 25 bila nenosiri zihamishiwe 587 au 465. Mkikwama, fundi wetu atakuja mpaka ofisini kwenu, ndani ya Arusha mjini, bila gharama.

Shule zinazowaandikia wazazi matokeo, na saccos zenye mialiko ya mikutano mikuu: msihangaike na BCC. Tujulisheni siku mbili kabla na mtupe idadi, tutawafungulia nafasi kwa siku hiyo. Anayetuma matangazo kila wiki, huyo tutamsaidia kuhamia huduma maalumu ya kazi hiyo, maana seva inayobeba ankara na barua za wagonjwa wa zahanati haifai kubeba na matangazo.

Kabla ya tarehe 16 naomba kila mmoja abadilishe nenosiri. Liwe na herufi 14 au zaidi, lisiwe na jina la ofisi, lisiwe lile mnalotumia kwingine. Masanduku ya wafanyakazi walioondoka yafungwe. Tupeni orodha, tutayafunga siku hiyo hiyo.

Yule dada wa utalii bado ni mteja wetu. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili, na rekodi za domeini yake ndizo nilizoweka za kwanza.

Simu ya ofisi ni ile ile iliyo kwenye ankara zenu. Hadi tarehe 13 Aprili tutakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumamosi na Jumapili pia.

Wenu katika kazi,

Mmiliki na msimamizi wa seva