Hotuba ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi: Marufuku ya Majiko ya Mkaa Mabwenini

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi: shikamooni wakubwa zangu, na walio rika langu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuitika wito. Najua wengi mmeacha viazi shambani, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Kuanzia leo, jiko la mkaa haliingii bwenini. Si la kununua, si la kopo lililotobolewa, si sufuria kuukuu yenye makaa. Mvulana au msichana, Kidato cha Kwanza au cha Nne, ni marufuku.

Jumanne usiku matroni alipita bweni la Kidato cha Pili, akaona mwanga mwekundu chini ya mlango. Akagonga, kimya. Akagonga tena na kuita majina, mpaka binti mmoja akaja kufungua huku akiyumba na kushika ukuta. Ndani kulikuwa na mabinti 16. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa kanga, na jiko limewekwa katikati ya vitanda. Wanne walitapika usiku ule tukawakimbiza kituo cha afya. Namshukuru Mungu, wote wamepona na wako darasani. Lakini wazazi wangu, matroni angechelewa saa mbili tatu tu, leo ningesimama hapa na maneno mengine kabisa, na sijui ningeyasemaje.

Tulipowauliza, mabinti walijibu: “Mwalimu, lilikuwa halina moshi. Tuliliwashia nje, likakolea, ndiyo tukaliingiza.” Walidhani wamechukua tahadhari. Na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa, kwamba hatari ni moshi, na moshi ukiisha jiko ni salama.

Sivyo. Mkaa uliokolea hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozeshi. Ukiivuta, inang'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na inashika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua vizuri tu, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itaisha nguvu. Aliyelala hana wa kumwambia. Anaendelea kulala mpaka anafariki.

Najua mzazi atauliza, je, wakiacha dirisha wazi? Hapa Makete, Julai, barafu ikiwa imetanda kwenye majani alfajiri, mtoto gani ataacha dirisha wazi? Atalifunga tu. Ndiyo maana sikutaka sheria ya nusunusu.

Na kuna moto wenyewe. Magodoro ya sponji, vyandarua, vitanda vya ghorofa vilivyobanana. Agosti 2009, Sekondari ya Idodi kule Iringa, wasichana 12 waliteketea bwenini. Wengi hapa mnaukumbuka msiba ule.

Sasa, baridi ni ya kweli, wala simlaumu mtoto aliyetafuta joto. Nikimnyang'anya jiko nisimpe kitu, atalificha mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo shule itafanya haya: vioo vyote vya madirisha vilivyovunjika vitabadilishwa kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo ya Juni. Jikoni kutakuwa na uji wa moto baada ya masomo ya usiku, na maji ya moto ya kujaza chupa. Mtoto aifunge vizuri, aizungushie taulo, aiweke miguuni. Kwa nguo mbichi, ambazo najua ndizo zilizowafanya wengi wawashe jiko, tutajenga banda la kuanikia nyuma ya jiko la shule, kuta zikiwa na nafasi za kupitisha hewa.

Kwenu naomba blanketi la pili, zito, soksi za sufu na sweta ya kulalia. Ambaye kwa kweli hana uwezo, aje ofisini kwangu tuzungumze wawili tu. Mtoto hatarudishwa nyumbani kwa kukosa blanketi.

Na hili naomba mlipokee kwa moyo mweupe: baadhi ya majiko tuliyoyakusanya yaliletwa na sisi wazazi, pamoja na mfuko wa mkaa, kwa upendo. Nawaombeni msilete tena. Zungumzeni na watoto leo, nyie wenyewe, maana kauli ya mama au baba ina uzito ambao mwalimu hana. Na nyumbani vilevile, msilale na jiko ndani. Atakayekutwa nalo bwenini, litachukuliwa na mzazi ataitwa siku hiyohiyo. Akirudia, suala lake litapelekwa kwenye Bodi.

Majiko tuliyokusanya yako nje ya stoo, kila moja lina jina la mwanafunzi. Mkitoka hapa, pitieni kwa matroni mchukue mrudi nayo nyumbani. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na akina mama walioko nyuma kule.