Utambulisho wa timu ya mfumo wa mizani kwa wanachama wa ushirika wa korosho, Masasi

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu na mama zangu, shikamooni.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Meneja wa chama, Afisa Ushirika, makarani wetu, na ninyi wakulima mlioacha usafi wa mikorosho asubuhi hii mkaja kutusikiliza: asanteni sana.

Mimi naitwa Grace, naratibu timu iliyotengeneza mfumo mtakaouona leo. Mwenyekiti amenipa sharti kabla sijashika kipaza sauti: kila kijana sentensi moja, maana watu wamekuja kuona mizani, hawakuja kusikiliza sifa. Nimekubali. Nitawataja kwa kufuata njia ya korosho yenyewe, tangu gunia linaposhushwa hapa ghalani hadi fedha inapoingia kwenye akaunti ya mkulima, ili msimu ukianza mjue jambo gani aulizwe nani.

Kwanza niseme tumefuata nini huku. Korosho zenu zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu 2007, na siku hizi minada inafanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kule juu bei inaonekana, kila mtu anaisikia. Huku chini, kwenye mizani ya chama, kilo bado zinaandikwa kwa kalamu kwenye daftari, zinanakiliwa kwenye karatasi nyingine, halafu mtu wa tatu anaziingiza kwenye kompyuta. Tarakimu moja ikikosewa katikati, mkulima anaijua siku ya malipo, na siku hiyo korosho zimeshaondoka. Watu wa namna hiyo ndio wanaokata tamaa wakaishia kwa walanguzi wa kangomba, wapimiwe kwa bakuli. Timu hii ina nia moja: kilo alizoziona mkulima kwa macho yake kwenye mizani ndizo alipwe.

Neema, simama wakuone. Neema ndiye aliyeunganisha mizani na simu ya karani, ili uzito uingie wenyewe kwenye mfumo bila mtu kuuandika kwa kidole, na mizani isiposoma sifuri kabla ya gunia kuwekwa, simu inakataa kupokea.

Hilo la sifuri hatukulibuni sisi. Tulipewa na karani mmoja wa hapa, tulipokuja mara ya kwanza kuangalia kazi inavyokwenda. Alituambia mkulima mzoefu haangalii gunia kwanza, anaangalia mizani ikiwa tupu. Tukarudi, Neema akabadilisha kazi yake yote ianzie hapo.

Anayefuata ni Hamisi, na nadhani kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote: Hamisi ameifanya simu ya karani imalize kazi yote pasipo mtandao, itunze kila stakabadhi ndani yake, na mtandao ukirudi izitume zote bila hata moja kupotea wala kuhesabiwa mara mbili.

Mwenyekiti, hapa niongeze kidogo, wanachama waliniuliza nilipokuwa naingia. Mtandao wa huku mnaujua, unakuja na kuondoka. Simu inatuma stakabadhi, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, simu haijui kama imefika, basi inatuma tena. Mfumo usipokuwa makini, mkulima mmoja anaonekana ameleta mzigo mara mbili, na ghala linaonekana lina korosho ambazo hazipo. Dawa yake ni kwamba kila stakabadhi inapewa namba yake pale pale kwenye mizani, kabla ya kutumwa popote. Ikifika mara ya pili na namba ile ile, seva inaitambua na kuiacha.

Tumaini amejenga daftari kuu la mfumo, ambalo ndani yake hakuna kufuta: anayerekebisha kosa anaongeza mstari mpya wenye jina lake, saa na sababu, na mstari wa zamani unabaki ukisomeka.

Mwanaidi, binti wa Newala, ametengeneza meseji anayotumiwa mkulima baada ya kupimiwa, fupi ya kutosha kuingia kwenye meseji moja ya herufi 160 na kusomeka hata kwenye kitochi. Hii hapa ukutani, jinsi inavyofika:

```
KOROSHO: Magunia 3, kilo 236.5, daraja la 1.
Stakabadhi 00417. Imepokelewa ghala la chama.
Kama kilo si sahihi, mwone karani leo.
```

Neno la mwisho pale, "leo", lilijadiliwa sana. Mwanaidi alishikilia libaki, na ninamuunga mkono. Mkulima akiona kosa leo, gunia bado liko ghalani na linaweza kurudishwa kwenye mizani mbele yake.

Rukia amepanga kila kitu ambacho karani anakiona kwenye simu, maandishi makubwa yanayosomeka juani na maneno mnayoyatumia wenyewe hapa ghalani.

Elias anashughulika na hesabu za malipo, na amehakikisha kwamba bei ya mnada ikishaingia, kila kato, iwe ushuru wa halmashauri, tozo ya chama kikuu, ya chama cha msingi au usafirishaji, linaonekana kwenye mstari wake na kiasi chake, badala ya kufungwa pamoja kwa jina la "makato".

Salum analinda taarifa zenu, majina, namba za simu na za akaunti, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ndiye anayehakikisha nakala ya daftari kuu inatunzwa pia mahali pengine kila usiku.

Wa mwisho ni Devota, ambaye hajaandika hata kurasa moja ya mfumo huu lakini hakuna kilichotoka bila ruhusa yake: kazi yake ni kuuharibu kabla haujawafikia ninyi, kuzima simu katikati ya kupima, kuchomoa betri, kuingiza kilo za uongo, na kuturudisha mezani kila anapofanikiwa. Amefanikiwa mara nyingi, na ninamshukuru mbele yenu kwa kila mara.

Hao ndio vijana wangu. Wako wanane, wamekuwa nyuma yenu kwa muda mrefu, wamekula vumbi la ghala hili, na msimu ukifunguliwa Oktoba, Neema na Hamisi watakaa hapa hapa Masasi hadi makarani waseme hawawahitaji tena.

Sasa tuone kazi. Tumeomba wazee wa kamati wachague wenyewe gunia la kupima, sisi tusiliguse. Karani, tafadhali zima data kwenye simu na uionyeshe kwa wanachama, kisha Mzee Mwenyekiti asome mizani kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutazama simu. Tukishapima, tutawasha data, na meseji itaingia kwenye simu ya mwenye gunia. Isipoingia, ulizeni maswali yenu palepale, na Hamisi atajibu. Neema, sogea kwenye mizani.