Ripoti ya kiufundi: moto wa godauni la mawese Kibirizi, Kigoma

Kwa idara ya madai, nakala kwa mwenye mali.

Moto ulianza usiku wa Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 upande wa madumu ya mawese, nimefika site Jumatano na fundi wangu tukakaa siku mbili. Godauni lina fremu 7 za chuma, upana mita 18, fremu hadi fremu mita 5. Mwenye mali anadai libomolewe lote, bima wao walishauri kusugua masizi na kupaka rangi, mimi sikubaliani na yeyote kati yao.

Mafuta yalitiririka yakatuama kati ya fremu ya 4 na ya 5, hapo ndo joto lilikaa. Papi za zinki zimedondosha matone kama nta, na zinki inayeyuka digrii 419, kwa hiyo tumeshavuka hapo. Zege la chini ya nguzo limegeuka la pinki. Kenchi zote mbili zimebonyea, ya 5 milimita 140 katikati, na nguzo zake zimesukumwa nje milimita 62, maana kenchi ya mita 18 ikipata digrii 600 inarefuka kama milimita 125 na lazima isukume kitu.

Watu wengi wanaona chuma kimeungua wanadhani kimekufa, hapana. Kikiwa kwenye digrii 600 kinabaki na karibu nusu ya nguvu yake, ila chuma cha kawaida cha kuviringishwa kikipoa taratibu kinarudisha sehemu kubwa sana, kama hakijapinda. Fremu ya 3 ni nyeusi tii lakini timazi inasoma milimita 9 tu kwenye nguzo ya mita 5, mpaka wetu ni urefu gawa kwa 300, yaani 16. Tulisugua sehemu sita tukapima ugumu, ya chini kabisa ni HB 128, ukizidisha kwa 3.45 unapata nguvu ya kuvutwa ya 442 MPa, na daraja la S275 linataka 410. Inabaki.

Bolti ni habari nyingine. Hizi ni za daraja la 8.8, nguvu yake imetokana na kupikwa kiwandani, zikipata moto mkali zinalegea bila kuonyesha chochote, kwa macho ni nzima kabisa. Kwa hiyo bolti zote za fremu ya 3 hadi 6 zitolewe, sitasaini vinginevyo.

Napendekeza fremu 4 na 5 ziwe mpya, papi na mabati kuanzia 3 hadi 6 pia mapya, zege lililogeuka rangi lichongwe na kujazwa upya, 1, 2, 3, 6 na 7 zisuguliwe na kupakwa rangi. Makadirio ni shilingi milioni 78 pamoja na usafiri wa chuma kutoka Dar.

Fremu ya 5 ishushwe kwanza, na iwekewe mihimili ya muda leo hii. Alhamisi nimekuta kina mama wameanika dagaa chini yake, nikawaomba wahame, wakahama, ila hakuna hata kamba ya kuzuia mtu.